"Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima": ibaki au iondoke?

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni katibu muhtasi wa shule ya sekondari ya bweni, shule binafsi mkoani Kilimanjaro. Barua zangu zote, kwa wazazi, wazabuni, halmashauri na wafadhili wa nje, naanza na "Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya", kama tulivyofundishwa. Mkuu mpya wa shule ameniambia niifute kila mahali, eti inapoteza muda. Mimi naona nikiifuta nitaonekana sina adabu. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba, dada. Mkuu wako yuko sahihi kuhusu sentensi, na wewe uko sahihi kuhusu adabu. Mmegongana kwa sababu mnaizungumzia salamu na sentensi ya kutumaini uzima kana kwamba ni kitu kimoja. Salamu ibaki. Sentensi ya kutumaini uzima ibaki pale tu ambapo ina kazi ya kufanya, na katika barua za ofisi yako sehemu hizo ni chache kuliko unavyodhani.

Tuanze na kazi yake ya asili, maana haikubuniwa kujaza karatasi. Warumi wa kale walikuwa wakianza barua kwa maneno yenye maana ya "kama u mzima ni vyema, mimi ni mzima", na yalizoeleka kiasi kwamba wengi waliandika herufi za mwanzo tu za kila neno, msomaji akaelewa. Seneca, mwanafalsafa wa karne ya 1, anayataja katika barua kwa rafiki yake Lucilius kama desturi ya wazee iliyodumu hadi siku zake. Huku kwetu pwani, barua za Kiswahili zilizoandikwa kwa hati ya Kiarabu zilianza kwa sifa za mpokeaji na salamu ndefu, kisha likaja "ama baada" kuonyesha kwamba sasa mambo yanaanza, na mwandishi akamwarifu mwenziwe kuwa hali yake ni njema. Barua ya Unguja kwenda Maskati ilisafiri kwa jahazi na pepo za kusi, na jibu lingeweza kungoja kaskazi ya msimu unaofuata. Katika hali hiyo, "mimi ni mzima" ilikuwa habari yenyewe. Aliyeipokea alikuwa hajui kama mwenziwe yu hai. Na "natumaini itakukuta mzima" ilikuwa kukiri kwamba mengi yanaweza kutokea kabla karatasi haijafika.

Zingatia kwamba sentensi ile ilikuwa na pande mbili: mwandishi alitoa habari zake, kisha akauliza za mwenzake. Hata barua za kirafiki tulizoandika shuleni zilikuwa hivyo: "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako wewe uliye mbali." Barua ya ofisi imechukua upande mmoja tu. Shule haimwambii mzazi hali yake, na wala haingoji mzazi aeleze yake. Kwa kawaida barua inamfikia mtu ndani ya siku chache, au sekunde hiyohiyo ikiwa ni barua pepe. Kwa hiyo muda ule wa mashaka, uliokuwa sababu ya sentensi, haupo.

Sasa tuiangalie inavyofanya kazi kwenye barua zako, nikianza na barua ya ada, maana hapo ndipo inapoumiza. Nadhani yako inafanana na hii, ambayo nimeiona katika shule nyingi:

"Ndugu Mzazi, natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima wa afya na unaendelea vyema na majukumu yako ya kila siku. Napenda kukutaarifu kuwa mwanao anadaiwa ada ya muhula wa kwanza. Unatakiwa kulipa kabla ya shule kufunguliwa, vinginevyo hatapokelewa."

Jiweke kwenye nafasi ya mzazi. Tuseme ada haikukamilika kwa sababu mume alilazwa miezi miwili, au kahawa haijalipwa. Sentensi ya kwanza inamwambia unatumaini mambo yake yanakwenda vyema, ya tatu inamwambia mtoto wake atarudishwa getini. Anaporudia kusoma ile ya kwanza, anaiona kama mlango wa kupitishia ya tatu. Hapo adabu uliyokusudia imegeuka. Na wala hukumkosea kwa kudai ada, ada ni haki ya shule. Umemkosea kwa kuonyesha kwamba humjui, wakati jina lake na malipo yake yako kwenye daftari lako.

Ni hilo la kumjua mtu ndilo linalobeba heshima mwanzoni mwa barua. Soma hii, ya mzazi yuleyule:

"Ndugu Mzazi, habari za nyumbani. Tunakushukuru kwa shilingi 400,000 ulizolipa tarehe 9 Februari kwa ajili ya mwanao wa kidato cha 2. Kati ya ada ya muhula ya shilingi 650,000, zimebaki 250,000. Tunaomba zikamilishwe kabla ya tarehe 4 Aprili. Ikiwa kuna jambo linalokuzuia, tafadhali fika kwa mhasibu kabla ya tarehe hiyo mpange namna ya kulipa kidogo kidogo."

Salamu ipo, maneno matatu tu. Baada yake sentensi ya kwanza ni shukrani yenye tarehe na kiasi, jambo ambalo haliwezi kuandikwa kwa mzazi mwingine yeyote. Mzazi anajua mara moja kwamba risiti yake ilifika, kwamba hesabu ni hii, na kwamba kuna mlango wa kuongea. Barua hii inadai fedha kwa uwazi kuliko ile ya kwanza, lakini haina ukali. Kama mzazi hajalipa chochote, usimshukuru kwa kitu ambacho hakipo. Anza na salamu, kisha hesabu: "Hadi leo hatujapokea malipo ya muhula wa kwanza." Ni maneno makavu kidogo, lakini ni ya kweli, na mtu mzima huvumilia ukweli uliosemwa kwa utulivu kuliko maneno matamu yenye makali nyuma.

Kutokana na hapo nakupa kipimo ninachowapa wanafunzi wangu wa uhazili. Chukua sentensi yako ya kwanza baada ya salamu, ihamishie kwenye barua ya mtu mwingine kabisa, mfano ya mzazi iende kwa muuza kuni. Ikikaa vilevile bila kubadilisha neno, haina kazi, ifute. Ikigoma kukaa, ina habari ndani yake, iache.

Upande wa ujumbe mfupi wa simu, ambao shule hutuma kwa wazazi wote kwa pamoja, hoja si hisia tu. Ni pesa. Ujumbe mmoja unabeba herufi 160, nafasi na nukta zikiwemo. Ukizidi, mtandao unaukata vipande vya herufi 153 na kila kipande kinatozwa kama ujumbe kamili. Hebu tuhesabu huu:

"Mzazi/Mlezi, natumaini ujumbe huu unakukuta ukiwa mzima wa afya. Kikao cha wazazi ni Jumamosi tarehe 14 saa 4 asubuhi, bwalo la shule. Njoo na stakabadhi ya ada."

Jumla ni herufi 161. Imezidi kwa herufi moja, kwa hiyo kila mzazi anatumiwa, na shule inalipia, jumbe mbili. Kwa wazazi 400 hizo ni jumbe 800. Sentensi ya uzima peke yake ina herufi 51, karibu theluthi ya nafasi yote. Ukiitoa, ujumbe unashuka hadi chini ya 110, na nafasi iliyobaki inatosha kuweka "Habari za nyumbani" na namba ya simu ya mwalimu wa zamu, kitu ambacho mzazi wa mbali anakihitaji kweli. Hapo salamu imebaki, pesa imepona na habari imeongezeka. Nadhani hesabu hii mkuu wako ataipenda, na wewe hutakuwa umekosa adabu.

Barua pepe nayo ina mahali pake pa kubana. Anayefungua Gmail haoni barua yako kwanza. Anaona mstari mmoja: jina la mtumaji, kichwa cha barua, kisha maneno machache ya mwanzo. Kwenye simu ni machache zaidi. Kama maneno hayo ni "Natumaini barua pepe hii inakukuta ukiwa mzima wa", umetumia nafasi yote kusema jambo ambalo halimsaidii kuamua afungue sasa au jioni. Kwa mzabuni wa maharage aliyeleta gunia 18 badala ya 20, maneno ya kwanza yawe "Habari za kazi. Gunia 2 za maharage zimepungua kwenye mzigo wa Jumanne". Akiona mstari huo akiwa sokoni, anaweza kumpigia dereva wake kabla hata hajafungua barua.

Huyohuyo mzabuni ukimwandikia kwa WhatsApp, kuna kosa la upande wa pili ambalo wengi hulifanya kwa nia njema: kutuma "Habari" peke yake kisha kusubiri. Uso kwa uso ni sawa, kwa sababu salamu zetu ni za kupokezana, huyu anauliza, yule anajibu, ndipo neno linafuata. Lakini kwenye simu mtu anaiona "Habari" saa 3 asubuhi, anajibu "Nzuri" saa 6, na wewe unaandika la maharage saa 9. Siku imeisha. Tena wengine wakiona salamu tupu wanahisi unakuja kukopa, wananyamaza. Salimu na useme haja yako katika ujumbe huohuo. Kwa mtu aliyekuzidi umri mnayefahamiana, "Shikamoo mzee" inatangulia na haja inafuata papo hapo, naye akijibu ataanza na "Marahaba" kisha maharage. Hakuna kilichopotea.

Barua za halmashauri ni rahisi kuliko zote, na ndizo zinazonipa hoja ya kukutoa hofu kuhusu adabu. Barua rasmi ya serikali haina salamu ya hali hata kidogo. Ina Kumb. Na., tarehe, cheo na anuani ya mwandikiwa, kichwa kinachoanza na YAH, kisha: "Tafadhali rejea barua yako yenye Kumb. Na. hii, ya tarehe hii, kuhusu jambo hili." Inamalizika kwa "Nawasilisha". Hakuna Afisa Elimu anayeisoma akasema shule hii haina heshima. Heshima imebebwa na cheo kilichoandikwa sawasawa na barua iliyopangwa vizuri. Na ile sentensi ya "rejea", ingawa nayo ni ya kukariri, inafanya kazi kubwa: mtu wa masjala akiiona anajua jalada gani atoe, barua yako anaiambatisha na ile ya awali, na jalada linapanda mezani kwa afisa likiwa kamili. Ukiacha kumbukumbu hiyo, au ukikosea tarakimu moja, barua inaweza kufunguliwa jalada lingine na ukafuatilia wiki tatu bila kujua iko wapi. Kwa hiyo sentensi ya kukariri si mbaya kwa sababu ya kukaririwa. Inahukumiwa kwa inachobeba.

Kwa kipimo hichohicho, "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ambayo ni dada wa "rejea", mimi naitoa. Inamwambia msomaji asome alichokwisha kusoma mstari mmoja juu yake. Kama mnaandika barua mpya isiyojibu nyingine, ingieni moja kwa moja: "Shule inaomba kibali cha kuongeza mkondo mmoja wa kidato cha 1." Najua zipo ofisi ambazo bado zinaitaka, na kama afisa wako ni wa namna hiyo, iweke, haina madhara zaidi ya kuchukua mstari. Vita yako isiwe hapo.

Wafadhili wa nje ni suala tofauti. Unapowaandikia kwa Kiingereza, ile sentensi ya kutumaini barua imewakuta wazima wameiona kwenye matangazo ya biashara, kwenye barua za watu wasiowajua na, baya zaidi, kwenye barua za utapeli. Kwa mfadhili mnayefahamiana haitaharibu kitu, ataipita tu. Kwa mfadhili mpya inakuweka kwenye kundi usilolitaka kabla hajafika sentensi ya pili. Mwandikie kinachowaunganisha: alitembelea shule lini, alichangia nini, kimefikia wapi. "Tangi la maji ulilochangia lilianza kutumika Machi, na mabweni mawili sasa yana maji usiku" ni mwanzo unaomfanya aendelee kusoma.

Sasa, ibaki wapi? Kuna mahali ambapo ningekukataza kuifuta. Unapomwandikia mtu mliyepoteana naye muda mrefu, mwalimu aliyestaafu au mhitimu wa miaka ya nyuma, hujui kweli kama ni mzima, na kutumaini kwako kuna maana ileile ya zamani. Hapo iandike, na irudishe ule upande wake uliokatwa: mweleze hali ya shule kwa sentensi mbili kabla ya kumwomba chochote. Vilevile mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia, watu wengi walianza tena kuandika "natumaini wewe na familia mko salama", na wasomaji waliipokea, kwa sababu lilikuwa swali la kweli.

Mahali pengine ni pale unapojua jambo mahususi. Mzazi aliyekuwa hospitali mwandikie, "Tulisikia ulikuwa unaumwa, pole sana, tunatumaini sasa unaendelea vizuri." Hiyo inapita kipimo changu bila shaka. Ila angalia barua itapita mikononi mwa nani. Ikipokelewa na karani wa ofisini kwake, au ikisomwa kwenye kundi la wazazi, ugonjwa wa mtu si wa kutangaza. Andika "pole kwa yaliyokupata" au mpigie simu. Na kwenye barua ya rambirambi sentensi ya uzima isikaribie kabisa. Aliyefiwa anaandikiwa pole kwanza. Haambiwi unatumaini ni mzima. Jambo hili linaonekana wazi, lakini nimeona barua ya rambirambi ya ofisi ikianza hivyo, kwa sababu mwandishi alifungua barua ya zamani kwenye kompyuta, akabadilisha jina na tarehe, akaacha mwanzo ulivyo.

Na huo ndio mlango ambao sentensi hii huingilia, kwa hiyo uzibe hapo. Fungua folda yako ya barua za mfano, ile ya ada, ya kikao, ya wazabuni na ya wafadhili. Kwenye kila moja futa sentensi ya uzima, acha salamu fupi inayomfaa mpokeaji: "Habari za nyumbani" kwa mzazi, "Habari za kazi" au "Pole na majukumu" kwa mzabuni. Baada ya salamu usiweke sentensi nyingine ya kukariri, weka alama za kuuliza tatu, ???, kwa rangi nyekundu. Barua isitoke mpaka alama hizo zimebadilishwa kuwa jambo moja linalomhusu mpokeaji huyo peke yake. Kwa barua ya ada utalitoa kwenye daftari la malipo, kwa mzabuni kwenye hati ya kupokelea mzigo, kwa mfadhili kwenye kitabu cha wageni. Barua ya halmashauri haihitaji alama hizo, inahitaji tu Kumb. Na. iliyonakiliwa sawasawa. Barua moja ya mfano ukishaitengeneza, ya ada ndiyo ningeanza nayo, mpelekee mkuu wako aione kabla hujaendelea na nyingine.